Chuma cha Shangazi

Shangazi yangu hakuwahi kuingia nyumbani kwetu bila kutukumbusha kwamba damu ya mdogo wangu ilikuwa yake. Aliweka kapu la viazi chini, akajibu salamu ya mama, "Kamwene", kwa sauti ndogo, kisha akamgeukia mdogo wangu na kumkagua kama mtu anayekagua ng'ombe aliyemkopesha jirani. "Damu yangu hiyo inatembea," alisema. "Itunze."

Hakuwa anadanganya. Mdogo wangu alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, na tangu utotoni aliongezewa damu kila homa ilipomwangusha. Hospitalini ndugu walitakiwa kurudisha chupa benki ya damu kwa kila chupa iliyotoka, na katika ukoo wetu aliyetangulia kunyoosha mkono alikuwa shangazi, dada wa marehemu baba. Alitoka kwake Uwemba, mlimani, na sweta lake la kijani, akalala kwenye kiti cha watoa damu, akatoa, akarudi kupalilia. Wajomba zangu wa upande wa mama wanakaa mwambao wa Ziwa Nyasa, mbali, na shangazi hakuacha kulitaja hilo pia. Kwake ugonjwa ulitoka ziwani pamoja na mama, na tiba ilitoka mlimani pamoja naye. Niliwahi kumweleza kwamba mtoto hapati selimundu mpaka arithi kwa wazazi wote wawili, kwamba baba naye alikuwa amebeba. "Ndiyo mambo unayotangaza redioni?" akauliza. "Kuwasema vibaya marehemu?"

Mimi nakaa Njombe mjini, kazi yangu ni kukusanya habari za mkoa. Mama na mdogo wangu wanaishi Makambako, karibu na reli, ambako mdogo wangu anashona sare za shule. Nilikuwa nawatembelea kila nilipopata habari ya kule, na pengine ndiyo sababu niliona kile ambacho wao, kwa kukaa pamoja kila siku, hawakukiona. Mdogo wangu alikuwa anabadilika rangi. Hakuwa na weupe wa mtu aliyepungukiwa damu. Ngozi ilikuwa inakwenda kwenye weusi wa majivu, hasa usoni na juu ya viganja. Wateja wake walimtania kwamba ameacha mkorogo. Alicheka nao, halafu akaniambia chemba kwamba hedhi ilikuwa imekata, na kwamba kupanda ngazi za duka la vitambaa kulimwacha akihema.

Shangazi alipopata habari ya hedhi alimuuliza mama, mbele ya jirani, mimba ni ya dereva gani wa malori.

Kipimo cha mimba kilionyesha hakuna. Daktari aliyekuwa anamwona hospitalini Njombe, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, alimtazama viganja, akasoma jalada lake kurudi nyuma, akauliza ameongezewa damu mara ngapi. Mdogo wangu hakujua. Mama hakujua. Daktari akasema basi ni nyingi, na akaagiza kipimo cha ferritini.

Mdogo wangu alikuwa na homa ya kifua wiki ile, na majibu yalipotoka namba ilikuwa zaidi ya elfu tatu, wakati mwanamke wa umri wake hutarajiwa kuwa chini ya mia mbili. Nilishtuka. Daktari hakushtuka, wala hakufurahi. Alisema ferritini ni ghala la chuma mwilini, lakini lina tabia mbaya, hupanda pia mtu akiwa na homa au uvimbe, hata kama chuma hakijaongezeka. Namba ya siku ya homa hakuiamini peke yake. Alitaka apime tena akiwa mzima, na safari hiyo apime pamoja na kitu kingine, transferini, ambayo ndiyo mbebaji wa chuma kwenye damu. Kipimo kinaonyesha wabebaji wamejaa kwa asilimia ngapi. Kwa mtu wa kawaida, theluthi tu ya nafasi zao ina mzigo. Homa ikiwa ndiyo inayopandisha ferritini, wabebaji huwa nusu watupu. Ghala likijaa na wabebaji nao wakijaa, hapo hakuna ubishi.

"Na wakijaa?" mdogo wangu akauliza.

"Chuma kinakosa pa kukaa. Kinaingia kwenye ini, kwenye kongosho, kwenye tezi zinazoendesha hedhi yako. Kikiingia kwenye moyo ndiyo naogopa." Akamwambia asubuhi ya kipimo aje bila kula, na kwamba kuanzia siku ile asimeze kidonge chochote chenye chuma. Vidonge vya foliki peke yake, vile vya njano, aendelee navyo.

Hapo ndipo mdogo wangu alipomwambia kuhusu fefo.

Kila anayeishi huku anazijua. Ni vidonge vyekundu ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki, chuma na foliki pamoja. Wanawake wengi huvichukia kwa sababu vinatia kichefuchefu, na kuvificha chini ya godoro. Shangazi alikuwa anawajua wajawazito wote wa Uwemba. Baada ya misa aliwapitia mmoja mmoja, akawaita wavivu, akakusanya vidonge wasivyomeza, na kuvituma Makambako kwenye kopo la maziwa. Mdogo wangu aliambiwa utotoni ameze foliki, na fefo ina foliki. Kwa hiyo alimeza, kwa miaka.

Daktari aliweka kalamu chini. Alieleza, kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi, kwamba upungufu wa damu wa selimundu hautokani na njaa ya chuma. Chembe za damu yake zinavunjika kabla ya wakati, na chuma kilichomo kinabaki ndani. Juu ya hapo kila chupa anayoongezewa inaleta chuma chake, na mwili wa binadamu hauna mlango wa kukitoa. Kinachotoka kwa siku ni kidogo mno. "Unajaza pipa lisilo na bomba," alisema, "halafu kuna mtu anakuletea ndoo."

Nilimpigia shangazi simu jioni ile kumwomba aache. Nilichagua maneno kwa uangalifu, kama nilivyozoea kwa watu wanaoweza kunishtaki. Haikusaidia. Alitaka kujua ni daktari gani huyo anayemkataza mgonjwa wa damu dawa ya damu, na mimi nimelipwa nini. Akakata.

Mdogo wangu aliacha fefo. Homa ilipokwisha na wiki kadhaa kupita, walikuja Njombe na mama kwa gari la alfajiri, ukungu ukiwa umelala barabarani, mama amejifunga blanketi. Damu ilitolewa, sampuli ikasafirishwa nje ya mkoa. Majibu yaliporudi daktari alituita wote watatu, na hakutukaribisha kiti.

Ferritini ilikuwa bado imezidi elfu tatu, bila homa. Wabebaji walikuwa wamejaa asilimia tisini na sita. Alisema namba ya kwanza anaielewa. Ya pili inatia shaka, maana ferritini haibadiliki kwa mlo mmoja, lakini ule ujazo hupanda saa chache tu baada ya mtu kumeza chuma. Akamtazama mdogo wangu. "Ulimeza nini asubuhi ile?"

"Sikumeza kitu."

"Ulikula?"

"Sikula. Nilikunywa uji tu, baridi ilikuwa kali."

Daktari alifumba macho. Kwetu uji hauhesabiwi kuwa chakula, ni kitu cha kupasha tumbo joto kabla ya chakula, na nadhani alilijua hilo, alikuwa mtu wa huku huku. Lakini uji mtupu, alisema, kwa kawaida haumfikishi mtu kwenye tisini na sita, hata kama ghala limejaa. Huenda kuna kitu kimeongezwa. Akauliza choo chake ni cha rangi gani. Mdogo wangu akasema cheusi. Cheusi kama lami, tangu zamani.

"Fefo uliacha lini?"

"Siku ile ile uliyonikataza."

"Basi unanidanganya," daktari alisema, "na mtu anayenidanganya siwezi kumwanzishia dawa ya kutoa chuma. Dawa ile ina madhara kwenye figo. Nikiitoa kwa mtu anayeendelea kumeza chuma kwa mlango wa nyuma, nafanya nini?" Aliandika apimwe moyo kwa mashine na sukari, akatutoa nje.

Mdogo wangu alilia kwenye benchi la nje kwa hasira. Aliapa kwa jina la baba. Mama alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya blanketi, akitazama watu wakipita, na hakusema kitu cha kumtetea. Hilo ndilo lililonifanya nisirudi kazini. Nilipanda nao gari kwenda Makambako.

Jikoni niliomba unga wa uji. Ulikuwa unga wa ulezi, kwenye ndoo ya plastiki, na niliujua unatoka Uwemba. Shangazi aliusagisha mwenyewe, akautuma kila mwezi. Niliumwaga kwenye ungo, nikausambaza kwa kiganja na kuupeleka mlangoni kwenye mwanga. Ulezi ni mwekundu wa udongo, huficha mengi. Lakini kwenye upepo wa pale Makambako unga mwepesi ulianza kuruka, na kwenye ungo vikabaki vipande vidogo vyekundu vinavyong'aa, kama ganda la kucha iliyopakwa rangi. Ngozi za vidonge. Shangazi alivitwanga kwenye kinu, havikusagika vyote.

Mdogo wangu alisimama nyuma yangu. Hakumuuliza mama kama alijua. Alimuuliza tangu lini.

"Tangu mlipompigia simu," mama alisema. "Aliniambia nisiseme. Aliniambia nikisema, siku utakapohitaji damu niende nikachote ziwani."

Nimekumbuka sentensi ile mara nyingi kuliko namba zozote za maabara. Mama alikaa katika ukoo ule miaka yote kama mgeni anayevumiliwa kwa ajili ya mtoto mgonjwa, na mtoto mgonjwa aliishi kwa mkono wa shangazi. Angefanya nini? Mdogo wangu hakuona hivyo siku ile. Aliichukua ndoo, akaenda kuimwaga kwenye jaa kando ya reli, na aliporudi hakuzungumza na mama mpaka Jumapili.

Jumapili tuliitwa Uwemba. Shangazi alikuwa ameita kikao, kabla sisi hatujakiomba, maana mama alikuwa amempigia kumwambia yamejulikana. Tulikaa sebuleni kwake, ndugu wa baba kwenye makochi, sisi kwenye viti vya mbao karibu na mlango, jiko la mkaa katikati. Watu walikuwa wametoka misani na ulanzi, pombe ya mianzi, ulikuwa mezani, lakini hakuna aliyetumiminia.

Shangazi hakukana. Alisema alitwanga, na angetwanga tena. Alisema mgonjwa asiye na akili hulishwa dawa ndani ya chakula kama mtoto. Kisha akaja kwenye lililokuwa linamchoma. Amesikia, alisema, kwamba huko hospitali wanasema damu aliyopewa huyu binti ndiyo imemharibu.

Nilijaribu kueleza. Nilisema hakuna anayesema damu ilikuwa mbaya. Bila ile damu asingekuwepo. Kila chupa, iwe ya shangazi au ya padri, ina chuma, na chuma hakitoki. Nilisema habari za ghala na wabebaji. Baba mdogo mmoja aliuliza kama chuma hicho kinaweza kushikwa na sumaku, watu wakacheka, na kicheko kile kilinimaliza.

"Nimelala kwenye kile kiti tangu huyu hajaota meno," shangazi alisema. "Nimetoa nikiwa nimefiwa. Nimetoa wiki ya kuvuna. Leo naambiwa nimemtia kutu?"

Mdogo wangu akasema, "Shangazi, damu ulinipa nikiwa nakufa. Ile nakushukuru. Vidonge ulinipa nikiwa nimekukataza."

"Umenikataza wewe nani?"

"Mwenye mwili."

Hakuna binti wa ukoo wetu aliyewahi kumjibu hivyo. Shangazi aliinuka, akafungua mlango mwenyewe, baridi ikaingia. Alisema basi mwili ule autafutie damu mwenyewe. Na akawaambia ndugu wote pale, kwa majina, kwamba atakayekwenda kumtolea damu asikanyage kwake tena. Hakuna aliyebisha. Tulitoka na viazi hatukupewa.

Kwa upande wa hospitali mambo yalinyooka. Daktari alioneshwa zile ngozi za vidonge, nilizihifadhi kwenye karatasi ya sigara. Alizitazama, akamwomba mdogo wangu radhi kwa neno moja, "Samahani," na kazi ikaendelea. Kipimo cha tatu kilichukuliwa baada ya uji kubadilishwa, tumbo likiwa tupu kweli. Ujazo wa wabebaji ulishuka, lakini uliishia zaidi ya themanini. Ghala lilibaki juu ya elfu tatu. Hapo hakukuwa na ubishi. Moyo ulionekana bado unasukuma vizuri, ini lilikuwa limeanza kuvimba, sukari ilikuwa mpakani. Daktari alisema wako watu wanaozaliwa na mwili unaofyonza chuma kupita kiasi, na hao dawa yao ni kuwatoa damu mara kwa mara, kila chupa inaondoka na chuma chake. Kwa mdogo wangu hilo halikuwezekana, damu aliyo nayo haimtoshi. Alianzishiwa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vinavyokamata chuma na kukitoa kupitia choo, na ratiba ya kupima figo na ini. Itachukua miaka, alisema. Moyo umewahiwa, ila usichezewe.

Kisha, mwanzoni mwa msimu wa baridi, nimonia ikamshika.

Alifika Njombe amelazwa kwenye kiti cha nyuma, midomo imepauka. Damu yake ilikuwa imeshuka kiasi ambacho hata daktari yule, aliyekuwa anahesabu kila chupa kama adui, aliagiza aongezewe. Moyo ule ule uliookolewa kutoka kwa chuma sasa ungeweza kushindwa kwa kukosa damu. Chupa moja ya kundi lake ilikuwapo benki, akatundikiwa. Ya pili wakasema ndugu watoe kwanza. Mimi nilikuwa nimetoa mwezi uliotangulia katika kampeni niliyokwenda kuiripoti, wakanikataa. Mama ana presha. Nilipiga simu Uwemba, nyumba baada ya nyumba. Mmoja alikuwa shambani, mwingine alikuwa na mafua, wa tatu aliniambia ukweli, kwamba anamwogopa dada yake.

Asubuhi iliyofuata, shangazi alikuwa mlangoni pa maabara na sweta lake la kijani. Sikumwita mimi, na mama aliapa hakumwita. Nilimwamkia.

"Nimekuja kwa mtoto wa kaka yangu," alisema. "Si kwenu." Akapita akakaa kwenye kiti, akakunja mkono wa sweta.

Fundi wa maabara alimchoma kidole. Wana kichupa chenye maji ya buluu, hudondosha tone la damu ndani. Damu yenye wekundu wa kutosha huzama, hafifu huelea. Tone la shangazi lilishuka kidogo, likasita, likapanda juu na kubaki linaelea.

"Mama, leo hutatoa," fundi akasema.

"Rudia."

Akarudia kwa kidole kingine. Likaelea tena. Shangazi aliinama akakitazama kile kichupa kwa karibu, kama mtu anayesoma jina lake mahali asipolitarajia. Aliuliza kama maji yao hayajaharibika. Fundi akadondosha damu yake mwenyewe, ikazama kama jiwe.

Nilikwenda kumweleza daktari. Alikuja, akamfunua kope shangazi bila kumwomba ruhusa, akamuuliza kama anachoka, kama hutafuna barafu au udongo, kama hufanya waliopungukiwa chuma. Shangazi alijibu kwamba watu wazima hawaulizwi hivyo. Lakini alikubali kutolewa damu ya kupima, labda kwa sababu hakutaka kuondoka hajatoa chochote. Chupa ya pili, mtu mmoja aliyekuja kumtazama mkewe wodi ya jirani alitutolea. Hatukumjua na sijamwona tena.

Majibu ya shangazi yaliporudi yalikuwa kinyume cha yale ya mdogo wangu, kama picha na kivuli chake. Ghala lake lilikuwa karibu tupu, wabebaji wake wanazunguka bila mzigo. Daktari alisema ni kawaida kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi na ametoa damu mwaka hata mwaka bila kurudishiwa chuma. Akamwandikia vidonge vya chuma. Dirisha la dawa lilikuwa limeishiwa wiki ile.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani, ana nafuu. Alitusikia tukiongea mlangoni. Aliomba mkoba wake, akatoa lile kopo la maziwa la fefo, ambalo sikujua kwamba hakulitupa, na kumnyooshea shangazi.

"Chukua," alisema. "Ni vyako."

Shangazi alilichukua kopo, akalitikisa kusikia limebaki na ngapi, akalitia kwenye kapu chini ya kitenge. Hakumuaga mama. Mlangoni aligeuka akamwambia mdogo wangu kwamba rangi yake bado ni mbaya.

Zile amri alizotoa kikaoni hazijafutwa mpaka leo. Ndugu wa Uwemba bado hawatutembelei, na unga tunanunua Makambako. Mdogo wangu anakunywa dawa yake kabla ya kula, analalamika ladha yake ni ya chaki, na ghala linashuka polepole. Lakini mwezi uliopita mama alipokea simu, akasikiliza muda mrefu, kisha akaiweka kifuani na kumgeukia mdogo wangu kwenye cherehani. Ni shangazi, alisema. Anasema vile vidonge vinamtia kichefuchefu, hawezi kuendelea navyo.

Mdogo wangu hakuinua kichwa.

"Mwambie ameze baada ya kula," alisema. "Na aache uvivu."